Mkato wa Pili

Tarehe 6 Desemba 2017, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa Kiingereza mwenye umri wa miaka hamsini na nane alilaza kalamu nyekundu juu ya meza ya kusahihishia mitihani, akasema hasahihishi. Swali la saba lilikuwa limekabidhiwa kwake dakika kumi tu kabla ya hapo, baada ya mwenzake kushikwa na homa, na hakuwa ameliwekea alama kwenye karatasi hata moja.

Shuleni kwake wanafunzi humwita Bi Mkato. Jina hilo amelibeba miaka ishirini na zaidi, na analistahili. Mumewe alipofariki, walimu wenzake walimletea kadi ya rambirambi yenye maneno ya Kiingereza: "We mourn your husband who was a gentle man." Alishukuru, akafuta machozi, kisha akachukua penseli na kutia mkato baada ya neno "husband".

"Nilikuwa naye mmoja tu," alisema. "Mkiacha hivi bila mkato, msomaji atauliza, mume yupi? Yule mpole. Haya, na yule mkali amezikwa wapi?"

Walimu walicheka msibani, wakaona haya, wakacheka tena. Lakini somo lilikuwa limekamilika. Maneno yanayoanza na "who", yasipotengwa kwa mkato, huchagua: kati ya wengi, ni hawa tu. Yakitengwa hayachagui mtu, yanaongeza habari juu ya yule ambaye tayari anajulikana. Amelifundisha jambo hilo kwa miaka thelathini na mmoja, kwa watoto ambao katika lugha yao mkato ni pahali pa kuvutia pumzi tu.

Kila Desemba huja kusahihisha mtihani wa taifa. Tangu abaki peke yake nyumbani, majuma hayo matatu ndiyo anayoyangoja mwaka mzima. Hulala katika bweni la shule iliyofungwa, kitanda cha chuma, watu wanane chumba kimoja, na hulala vizuri kuliko kwake. Kusahihisha hufanyika bwaloni. Meza moja ina walimu sita, kila mmoja ana swali lake, na karatasi hupita mkono kwa mkono. Anayeketi kushoto kwake ni mwalimu mnene aliye karibu kustaafu, anayesahihisha swali la nane, la kuandika barua. Wanamwita Mzee wa Barua. Amesoma barua nyingi za watoto wasiowahi kutumiwa barua, na husema zimemharibu akili.

Swali la saba lilikuwa fupi. Sentensi iliyochapwa ilisema: "The nurses, who worked at night, received new shoes," yaani wauguzi, ambao walifanya kazi usiku, walipata viatu vipya. Chini yake mtahiniwa aliulizwa: je, wauguzi wote wanaozungumziwa walipata viatu vipya? Toa sababu. Alama mbili.

Mtahiniwa wa kwanza kwenye bunda alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo uliobana: ndiyo, wote, kwa sababu mikato miwili inaonyesha kuwa wote walifanya kazi usiku. Bi Mkato alitabasamu. Kisha akafungua mwongozo wa kusahihisha, karatasi yenye majibu yaliyokubaliwa. Mwongozo ulisema: hapana, ni wale tu waliofanya kazi usiku. Jibu lolote la "ndiyo" lipewe sifuri.

Ndipo kalamu ilipolala.

"Dada, vipi tena?" Mzee wa Barua aliuliza. "Karatasi zinakurundikia huko? Mbona hazinifikii?"

"Mwongozo umekosea."

"Ah! Siku ya tatu hii. Umekosea tangu juzi, basi umeshazoea."

"Mtoto aliyejibu sawasawa anapata sifuri, kaka. Aliyebahatisha anapata mbili."

Mzee wa Barua aliivuta karatasi, akaisoma, akairudisha taratibu. Hakutania tena.

Msahihishaji mkuu alikuwa na meza yake jukwaani, pale ambapo siku za shule husimama mwalimu wa zamu ya chakula. Ni mtu mrefu, msafi, aliyefundisha chuo cha ualimu, na hana tabia ya kupandisha sauti. Alimsikiliza Bi Mkato mpaka mwisho.

"Sarufi yako haina kasoro, mwalimu," alisema. "Kwa sentensi kama ilivyochapwa, wauguzi ni wote. Bila mikato ingekuwa baadhi. Hatubishani hapo."

"Basi tubadilishe mwongozo."

"Mabunda mia mbili yameshapita. Hizo ni karatasi elfu kumi. Nikipiga simu ofisini, swali la kwanza ni hili: kosa limetokea wapi? Mtungaji alikusudia nini? Kama alikusudia mikato, mwongozo ndio mbovu. Kama hakuikusudia, karatasi ndiyo mbovu. Nikisema sijui, wataniambia walimu wameanza kutunga mwongozo wao bwaloni. Niletee chanzo, nami nitapiga simu sasa hivi."

"Na nisipoleta?"

"Rudi mezani. Mwongozo ni mwongozo."

Alirudi mezani lakini kalamu hakuishika. Alikuwa anakijua chanzo. Alikijua tangu alipofungua ule mwongozo.

Mtihani wa taifa huandikwa mapema sana kabla ya kufanywa. Mtungaji akishamaliza, maswali hutiwa katika bahasha moja na mwongozo katika bahasha nyingine, na bahasha hizo hazikutani. Jopo moja hupitia maswali, jopo jingine hupitia majibu, katika majengo mawili tofauti. Lengo ni kwamba asiwepo mtu mmoja mwenye vyote viwili mkononi. Wanaopitia hula kiapo cha maandishi kwamba hawatamwambia mtu kamwe, hata mke au mume, kuwa walikuwemo. Rasimu huchomwa moto.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya Desemba ile, Bi Mkato alikuwa katika jopo la maswali.

Aliikumbuka sentensi yenyewe. Ilikuwa ya mwisho mwisho, jioni ya siku ya pili, macho yakiwasha. Mtungaji alikuwa ameandika: "The nurses who worked at night, received new shoes." Mkato mmoja tu, umekaa kati ya watu na tendo lao, mahali ambapo hauruhusiwi. Kosa hilo lina tiba mbili. Unaweza kuufuta mkato huo, na wauguzi wakawa baadhi. Au unaweza kuuongezea mwenzake, na wauguzi wakawa wote. Kanuni iliwataka wapitiaji wakiona shaka kama hiyo wajaze fomu ya kumuuliza mtungaji. Jibu la fomu huchukua majuma mawili. Miaka yote amewafundisha watoto kuwa mikato ya aina hiyo hutembea wawili wawili, ukimwona mmoja mtafute wa pili. Basi alitia wa pili, akageuza ukurasa. Kitendo hakikumchukua hata sekunde tano. Yaliyokuwa katika bahasha nyingine hakuyaona, wala hakuruhusiwa kuyaona.

Wakati wa chakula cha mchana alimkuta Mzee wa Barua nyuma ya bwalo, karibu na mabomba, anaosha sahani yake.

"Nikuulize, kaka. Alama mbili zinamfanya nini mtoto?"

"Zinamfanya afaulu, au arudi nyumbani kuchunga wadogo zake. Unajua hilo kuliko mimi." Alikung'uta maji. "Lakini sikiliza, dada yangu. Wewe umesema, mkuu amesikia. Mzigo umeutua. Mbona unauokota tena?"

"Kwa sababu ni wangu."

Mzee wa Barua alifunga bomba. Si mjinga, mtu aliyesoma barua za uongo kwa miaka mingi anajua pale ambapo sentensi imekatika. "Usiniambie," alisema. "Chochote kile, usiniambie mimi. Nina watoto wanasoma."

Saa nane kamili Bi Mkato alipanda tena jukwaani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtungaji alikusudia wauguzi baadhi, kwamba mikato miwili haikutoka kwake, na kwamba anamjua aliyeikamilisha.

Msahihishaji mkuu aliinua kiganja. "Mwalimu. Ukimalizia hiyo sentensi, siwezi kujifanya sikuisikia."

"Ndiyo maana naimalizia."

"Una kiapo."

"Ninacho. Nilitia mkato wa pili kwa mkono wangu, bila kuuliza. Nipe karatasi niandike."

"Nenda kapumzike kwanza. Kesho tuongee."

"Kesho yatakuwa yamepita mabunda mia mengine."

Akampa karatasi. Aliandika mistari saba, akasaini, akatia tarehe. Mkuu aliisoma mara mbili. Alisema jambo moja tu, na alilisema kwa huzuni isiyo ya kuigiza: "Miaka yote hii, na hukuweza kujaza fomu."

"Nilikuwa na uhakika," alijibu.

Simu ilipigwa. Meza zote ziliambiwa ziruke swali la saba mpaka jibu lije. Usiku ule chumbani mmoja wa wenzake alimletea chai. Ilipoa dirishani.

Jibu lilikuja asubuhi ya pili yake, na msahihishaji mkuu alilisoma mbele ya bwalo zima. Swali la saba limefutwa. Hakuna mtahiniwa atakayepata alama zake wala kuzikosa. Karatasi itahesabiwa kwa alama tisini na nane, kisha ipandishwe hadi mia.

Bi Mkato alisimama. "Na walioelewa? Wapo waliolijibu sawasawa kama lilivyochapwa. Wabadilishieni mwongozo wapate haki yao."

"Ofisi inasema kusudi la mtungaji lilikuwa jingine, mwalimu. Hawawezi kumzawadia mtoto kwa kosa la karatasi."

"Mtoto hakusoma kusudi. Alisoma karatasi."

"Nimewaambia hivyo hivyo," alisema mkuu. "Wameamua."

Mzee wa Barua alitazama meza. Karatasi ya mwandiko mdogo uliobana ilikuwa bado juu ya bunda. Msichana wa meza ya jirani, mwalimu mpya mwaka huo, alipita na rula, akapiga mstari mmoja wa ulalo juu ya jibu la saba, akaenda kwenye karatasi inayofuata. Alikuwa anafanya kazi safi, bila haraka, na mistari yake yote ilikuwa na urefu sawa.

Barua ya kumwondoa Bi Mkato ilifika saa sita mchana. Iliandikwa kwa Kiingereza, aya mbili. Aliisoma akiwa amesimama karibu na mlango, mfuko wake miguuni. Aya ya pili ilisema: "Examiners who breach the oath will not be recalled," yaani wasahihishaji wanaovunja kiapo hawataitwa tena. Sentensi hiyo ya Kiingereza haikuwa na mkato.

"Wameandika sawasawa," alimwambia Mzee wa Barua, aliyekuja kumsindikiza hadi getini. "Wangetia mikato, wangekuwa wamewafukuza wote."

Mzee alijaribu kucheka, ikashindikana. Alimbebea mfuko mpaka barabarani, akampa mkono, akarudi kwenye barua zake.

Jina la Bi Mkato limeondolewa kwenye orodha ya wasahihishaji. Kamati ya nidhamu itamsikiliza tarehe 16 Januari, saa tatu asubuhi, na ameagizwa aje peke yake.