Kilomita Kumi za Msusi

Mwaka uliopita msusi mmoja aliyekuwa akisomea sheria alifeli somo la mikataba kwa kuandika kwamba aliyesaini amejifunga, basi. Sasa alikuwa anaurudia mtihani, na akifeli tena ataondolewa chuoni.

Swali lilimfanya atabasamu. Mfanyakazi wa saluni ameacha kazi, na mkataba unamkataza kusuka ndani ya kilomita kumi kwa miaka mitatu, ingawa wateja wote hutoka mitaa ya jirani. Je, katazo linashika?

Safari hii hakukimbilia saini. Aliandika kwamba katazo la namna hiyo ni batili, mpaka mwajiri aonyeshe kuna kitu halali anacholinda na hajavuka kiasi. Kitu gani, basi? Si ufundi; huo msusi huondoka nao mikononi. Akamkumbuka mteja wake mmoja aliyemfokea bosi wa saluni anayosukia: "Shoga, kichwa changu hakigusi mwingine! Kama msusi wangu hayupo narudi nyumbani na kiota changu."

Kumbe ni mazoea ya wateja! Hayo bosi anaruhusiwa kuyalinda, lakini si kwa kufunga mji mzima. Na kwa kuwa kichwa husukwa upya kila wiki chache, miezi michache ingetosha kumzoesha mteja mikono mingine. Katazo limepita kiasi, akahitimisha, halishiki.

Alifaulu. Mhadhiri alimsimamisha koridoni.

"Binti, hoja ya vichwa kusukwa upya umeitoa kitabu gani?"

"Nimeitoa kazini, mwalimu. Nasuka."

"Mwakani njoo uwaeleze wenzako," mhadhiri akasema.