Chumvi Niliyomkataza Efrazia

Efrazia alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote niliowahi kuwatibu, na utii huo ndio uliomuua. Nasema hivyo bila kuzunguka, maana msibani nilisikia watu wakisema ni mapenzi ya Mungu, nikaona haya. Mungu hakumwandikia dawa. Nilimwandikia mimi, Hilda, tabibu wa kituo cha afya.

Alikuwa mkulima wa Tlawi, mke wa mzee Tluway, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja. Alilima maharage na ngano kidogo, akafuga ng'ombe wawili ambao aliwasema kutwa nzima kama wakwe wasiofanya kazi. Jumapili aliongoza sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa la kigango. Hakujua noti, lakini akianza yeye, wengine wote wanapata pa kushika.

Mwaka 2014 nilipohamishiwa kule, alikuwa ameshaacha kuimba. Alikuja kituoni na kadi yake ikiwa imefungwa kwenye nailoni, akaketi, akakohoa. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, hakina homa, kinawasha kooni na usiku kinazidi.

"Shikamoo mama. Kimeanza lini?"

"Marahaba. Ni mwezi wa nne sasa, daktari. Wamenipima kifua kikuu mara mbili, hamna. Wamenipiga picha, hamna. Nimemeza dawa za rangi zote."

"Na kwaya?"

Akaangalia dirishani. "Walinihamishia benchi la nyuma. Kisha la nyuma kabisa. Nikaona nibaki nyumbani, nisiwasumbue kwa kukohoa."

Nilifungua kadi yake. Presha, enalapril, kidonge kimoja kila siku, ilianza miezi sita nyuma. Basi nikajua. Dawa hii na ndugu yake lisinopril ni dawa nzuri za presha, lakini kuna watu zinawaletea kikohozi cha namna hiyo, na hakiondoki mpaka dawa iachwe. Miezi minne watu walimtafutia ugonjwa kifuani, kumbe ugonjwa uko ndani ya kopo la vidonge, na hakuna aliyekuwa amesoma kadi. Nilikasirika. Nilijiona mwerevu pia, nikiri.

Nikamweleza kwamba tutaacha enalapril, atumie losartan. Inashusha presha kwa njia inayokaribiana nayo, ila kikohozi haileti, au ni nadra mno. Kwa mtu anayekohoa kama yeye, kubadili ni jambo la haki kabisa. Kituoni kwetu losartan haikuwepo, lakini siku hizo kila mji mdogo ulikuwa na duka la dawa, na la Zubery mjini Mbulu lilikuwa nayo.

"Ila kwanza upime damu hukohuko mjini," nikamwambia. "Tuone figo, na tuone potasiamu. Ni madini ya mwilini. Dawa hizi zote mbili zinaweza kuyapandisha, ya zamani na hii mpya. Yakizidi sana yanasimamisha moyo. Na chumvi je, umepunguza?"

"Niliambiwa nipunguze."

"Usipunguze. Acha kabisa. Chumvi ya dukani usiiguse."

"Nimesikia, daktari."

Alisikia kweli. Alikwenda Mbulu na mume wake. Zubery akamuuzia dawa. Maabara wakamwambia kemikali za kipimo zimeisha, arudi baada ya wiki mbili. Akanipigia simu kuniuliza afanyeje.

Hapo ndipo niliposimama nikiwa na njia mbili. Ningeweza kusema asubiri, nimpe amlodipine kwa muda, dawa nyingine ya presha ambayo tulikuwa nayo kabatini kwetu na haina ugomvi na potasiamu. Lakini nilimsikia akikohoa ndani ya simu, nikamhurumia, na nilitaka kuwa yule aliyemponya. Nikasema, "Anza tu mama, utapima ukirudi."

Kikohozi kilikata wiki ya tatu. Jumapili moja nilipita kigangoni nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa benchi la mbele. Alipotoka alinishika mikono miwili, akacheka mpaka akatoa machozi, na mimi nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Sikumuuliza kipimo. Yeye naye hakurudi mjini, maana maharage yalikuwa yamekauka shambani, na mtu aliyepona haachi maharage yake kwenda kutobolewa mkono.

Mwezi mmoja baada ya mavuno mzee Tluway alimleta kwa gari la kukodi. Miguu ilikuwa imekosa nguvu. Mapigo ya moyo nilihesabu thelathini na nane. Sikukaa nao hata dakika kumi, nikapanda nao kwenda hospitali ya mjini. Safari hii kipimo kilikuwepo. Figo zilikuwa zimechoka, pengine tangu zamani, hakuna aliyewahi kuziangalia. Potasiamu ilikuwa saba nukta sita. Mtu mzima hatakiwi kuvuka tano na kidogo.

Daktari wa zamu alisimamisha losartan palepale, akamchoma kalsiamu kulinda moyo, kisha insulini na glukosi kushusha potasiamu. Wakati dawa zinaingia nilimwinamia.

"Mama, umekuwa ukila nini?"

"Makande, kama siku zote." Alitabasamu kidogo, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Chumvi sijagusa tangu uliponikataza. Natumia maji ya majivu."

Mimi ni mtoto wa kulekule. Mama yangu alikuwa na kopo lake lenye matundu chini, analijaza majivu ya maganda ya maharage, anamwagia maji, yanachujika taratibu, yale maji ya kahawia anapikia makande. Yanalainisha, yana ladha ya chumvi. Nimekua nayo. Chuoni nikafundishwa kwamba majivu ya mimea yamejaa potasiamu, nikaandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani. Siku zote hizo mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Nilimnyang'anya chumvi mkulima wa maharage mavuno yakikaribia, maganda yanakuja kujaa uani, na sikumuuliza ataweka nini badala yake.

Potasiamu ilishuka kwa saa chache, ikapanda tena. Mkojo haukutoka. Ilibaki mashine ya kusafisha damu, na hiyo ilikuwa Arusha. Efrazia alifariki ndani ya gari kabla hatujafika Karatu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mzee Tluway.

Msibani nilikaa na wanawake. Kwaya iliimba bila yeye, wakawa wanapotea kila ubeti. Judica, wifi yake, akaniletea sahani ya makande.

"Kula daktari. Hayana chumvi ya dukani," akasema, akifuta macho. "Tumepikia maji ya majivu aliyoyachuja marehemu mwenyewe, yalibaki dumu zima. Jumuiya nzima, wenye presha wote tunayatumia sasa. Alitufundisha yeye. Alisema ndiyo agizo lako."

Nikatazama mabenchi. Wale watu nilikuwa nawajua kwa kadi zao. Tisa kati yao nilikuwa nimewaandikia enalapril kwa mkono wangu, na wote walikuwa wanakula.

Nikaweka sahani chini nikasimama. Watu waliponiona wakaweka vijiko, mmoja akamnyamazisha mtoto.

Mzee Tluway akainua uso kutoka mahali alipokuwa amekaa.

"Sema, daktari," akaniambia kwa upole. "Wewe ukisema, sisi tunafanya."