Chupa ya Maharage ya Fanueli

Fanueli alihesabu saa za mashine kwa maharage. Kila injini ikitembea saa nzima, alitumbukiza harage moja kwenye chupa ya soda iliyoning'inia ukutani, na injini ikizimwa katikati ya saa aliweka nusu harage, alilokuwa amelipasua kwa kisu kabla. Watu wa kijiji chake cha Bungu walimcheka kwa hilo, naye aliwaacha wacheke. Injini ile ya dizeli ya silinda moja, yenye magurudumu mawili makubwa ya kuzungukia, haikuwa na saa ya kuonyesha imefanya kazi kiasi gani. Kitabu chake kilitaka mambo fulani yafanywe kila baada ya saa mia, mengine baada ya mia mbili na hamsini. Bila maharage angeyajuaje?

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Watu wa vitongoji vya mbali walikuwa wameshahamia kijijini, nyumba mpya zimepangwa mistari kando ya barabara, na mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa ndiyo kitu pekee ambacho wa zamani na wahamiaji hawakukigombania. Wanawake walikuwa wamechoka kutwanga, na kwa hilo wote walikuwa kitu kimoja.

Sasa masikio ya Fanueli yalikuwa yamekufa. Miaka thelathini ya kusimama kando ya injini haikuyaacha salama. Sauti za watu alizisikia akikazia macho midomo yao, lakini ule mlio wa ndani wa injini, ambao kwa huo fundi hujua kama dizeli inachomeka vizuri au inagonga, ulikuwa umemtoka kabisa. Mwezi wa tatu injini iligonga siku nzima bila yeye kujua, mpaka mwanamke mmoja aliyekuja na debe lake akamwuliza kwa nini mashine inakohoa. Fanueli aliona aibu, akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Severin, akamwambia atafutwe mtu mwingine.

Aliyejitokeza alikuwa Efrazia, mjane wa miaka ishirini na sita aliyejifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima, akaongoza darasa zima. Baadhi ya wajumbe walinung'unika kwamba mwanamke na injini wapi na wapi. Mzee Severin, mtu mkali wa adabu lakini si mbaya, alisema atampa mwezi mmoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angekuja mwenyewe amwone kazini. Asiporidhika, mashine ingefungwa kufuli mpaka apatikane fundi wa kutoka bondeni, na mwanamume wa bondeni kukubali kupanda mlima kuja kukaa kwenye baridi ya Bungu ilikuwa ndoto. Efrazia alilijua hilo, na Fanueli alilijua zaidi.

Kitabu cha injini kilikuwa cha Kiingereza, kurasa zimelowa oili hata zikawa za kahawia. Mwalimu Timotheo wa shule ya msingi alikuwa amekinakili kwa Kiswahili kwenye daftari, sehemu mbili tu: maonyo na ratiba ya matunzo. Kila asubuhi, kabla wanawake hawajafika, Efrazia alisoma mstari na Fanueli akaueleza.

"Shika hendeli vidole vyote upande mmoja, pamoja na kidole gumba," alisoma.

Fanueli alimwonyesha. Injini ikiamua kurudi nyuma wakati wa kuwashwa, hendeli hurusha mkono. Kidole gumba kikiwa kimezungushiwa upande wa pili hubaki hapohapo na mfupa huvunjika. Alimfundisha kuinua kile kichuma cha juu kinachoiachia injini pumzi, kuzungusha mpaka magurudumu yapate kasi, kukiangusha, kisha kuitoa hendeli mara moja injini inaposhika. Siku ya kwanza Efrazia aliisahau hendeli kidogo tu, na mzee akagomba mpaka mate yakamtoka.

Walikwenda hivyo mstari kwa mstari. Usitie dizeli injini ikitembea. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyokaukiwa maji ikiwa ya moto, maana chuma hupasuka. Iache ipoe kwanza. Moshi utoke nje kwa bomba, mlango na dirisha viwe wazi, hata Bungu kukiwa na ukungu na watu wanatetemeka. Nguo isining'inie. Hapo Efrazia alizikunja kanga zake, akalichukua koti la marehemu mumewe lililokatwa mikono, akalifunga vifungo vyote, na wanawake wakamwita Bwana Injini kuanzia siku ile.

Ratiba ilimpendeza zaidi, kwa sababu ilifanana na shamba: kila kazi na majira yake. Kila siku kabla ya kuwasha, pima oili kwa kijiti, tazama maji na dizeli. Maharage mia, safisha chujio la hewa, kwa maana vumbi la unga haliishi. Maharage mia mbili na hamsini, mwaga oili yote injini ingali na joto, ili itoke na uchafu wake, utie mpya na kusafisha chujio la dizeli. Chupa ikifika hapo humwagwa, na mwanzo mwingine unaanza.

Ulikuwepo ukurasa mmoja tu ambao Fanueli aliupita. Uliandikwa: usipitishe mkono juu ya mkanda wala karibu na puli injini ikitembea, kwa sababu yoyote. Efrazia aliusoma kwa sauti, akasubiri maelezo kama kawaida. Mzee alilamba kidole akafunua ukurasa wa pili. Alipomwuliza, alijibu kwamba hilo linajieleza. Efrazia alitazama mkono wa kulia wa mzee, wenye vidole vitatu tu, akakumbuka walivyoambiwa tangu utotoni kwamba vile viwili vilikatwa na panga katika mashamba ya mkonge. Hakuuliza zaidi. Lakini jioni ile aliusoma ukurasa ule mara nne, kwa sababu alikuwa mtu wa kukerwa na kitu kisichoelezwa.

Jumamosi ikafika. Kulikuwa na foleni ya madebe mpaka barabarani. Injini ilinguruma, mkanda mrefu ulikimbia kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye puli, gurudumu dogo la kinu, na Efrazia alisimama upande wa ndani, mahali pa fundi, akiyamimina mahindi kidogokidogo. Fanueli alikaa kwenye kigoda pembeni na maharage yake mkononi.

Mzee Severin aliingia amevaa koti lake la kanisani. Alipita kati ya wanawake, wote wakapiga goti na kumpa mikono, kama inavyotakiwa. Alifika mbele ya Efrazia, na kati yao ulikuwapo mkanda tu, ukikimbia usawa wa kiuno. Akatabasamu, akanyoosha mkono juu yake.

Efrazia aliutazama mkono ule. Kwa watu wa Bungu, mtoto wa mtu hamwachi mzee na mkono hewani. Ni afadhali kumwaga unga wote chini. Hata hivyo aliirudisha mikono yake yote miwili kifuani, akapiga goti pale alipo, akasema shikamoo ambayo haikusikika kwa ngurumo. Mkono wa mwenyekiti ulibaki peke yake. Kisha akaurudisha polepole, uso umembadilika, akaonyesha kwa ishara mashine izimwe.

Efrazia hakuharakisha. Aliacha kinu kimalize mahindi yaliyomo, akavuta kizimio cha dizeli, akasubiri. Magurudumu yale hayasimami kwa kuambiwa. Yalizunguka na kuzunguka, na kila mtu mle ndani alikuwa na muda wa kutosha kuona aibu. Mkanda ulipotulia kabisa ndipo alipouzunguka, akaja mbele ya mzee, akapiga goti tena na kunyoosha mikono yote miwili.

Mzee Severin hakuipokea. Alisema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, kwamba kusoma ni kuzuri lakini hakukuletwa kijijini ili watu wasahau wazee wao. Mtu aliyemnyima mkono mbele ya kina mama wote hawezi kukabidhiwa mali ya kijiji. Efrazia alibaki na mikono yake hewani, macho yamemjaa machozi.

Fanueli alikuwa ameyasoma yote midomoni. Aliona kufuli mlangoni, aliona vinu vya kutwangia vikitolewa tena uani, na aliona wazi kwamba kosa lilikuwa lake, kwa ule ukurasa alioupita, watu wasijue ubaya wa mkanda. Aliinuka.

"Mwenyekiti, unaujua mkono huu," alisema, akiuinua ule wa vidole vitatu. "Umeushika miaka ishirini. Hukuniuliza hata siku moja."

"Ni panga," alijibu Severin.

"Si panga. Ni shikamoo."

Akawasimulia. Alikuwa kijana, mwendesha injini ya kusaga posho kwenye shamba la mkonge huko chini. Mjomba wake, ndugu ya mama yake, aliyemlea baada ya baba kufa, alishuka mlima kwa miguu kumtazama, baada ya miaka miwili bila kuonana. Alisimama upande wa pili wa mkanda akanyoosha mkono, na Fanueli kwa furaha akaupa wake. Mkono wa koti uligusa mkanda. Mkanda ukauvuta mkono mpaka kwenye puli, na kabla mjomba hajamaliza kucheka, vidole viwili havikuwepo.

"Alilia kuliko mimi," alisema. "Tukaapa tuseme ni panga, asije akasemwa nyumbani kwamba amemkata mtoto wa dada yake. Amekufa na neno lile. Nami nikauruka ukurasa huu, nisimseme marehemu. Huyu binti ameusoma peke yake, akautii. Mimi sikuutii. Heshima aliyokupa leo ni kukurudisha nyumbani na mkono mzima."

Mzee Severin aliutazama mkanda, kisha mkono wake wa koti, uliokuwa mpana, wa kanisani. Akauchukua mkono wa Fanueli, akaushika kwa mikono miwili muda mrefu. Kisha akamgeukia Efrazia, ambaye bado alikuwa amepiga goti.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akaipokea mikono yake.

Akauliza kama sasa kazi inaweza kuendelea, maana debe lake mwenyewe lilikuwa nje. Efrazia alifuta macho, akatazama chupa. Fanueli aliweka harage la saa iliyokuwa imetimia, nalo lilikuwa la mia mbili na hamsini.

"Bado, baba," alisema Efrazia. "Injini ina joto sasa hivi. Ni wakati wa kumwaga oili."

Wanawake walicheka, na mwenyekiti akakaa kwenye kigoda cha Fanueli kungoja zamu yake.

Wiki iliyofuata vijana wa kijiji walijenga uzio wa miti kuuzunguka mkanda. Efrazia aliliandika jambo la mjomba chini ya ule ukurasa kwenye daftari, kwa maneno ya mzee mwenyewe, ili atakayekuja baada yake asipite. Fanueli bado alikuja kila Jumamosi, ingawa injini hakuisikia tena. Alikaa mlangoni akawatazama wazee wa Bungu wakiingia mmoja mmoja, mikono wameifunga mgongoni, wakisimama nyuma ya uzio kungoja magurudumu yatulie ili wasalimiwe.