Maswali ya Jumatano kwa Mkwe Wangu

Siku wakwe walipokuja kwangu Gatwekera, Kibera, kuona binti yao anaolewa wapi, nilichinja majogoo wawili. Kwetu Magharibi mkwe hapewi nyama ya kununua. Anachinjiwa. Mama ya msichana ana ploti huko Kawangware, za babu zake, na wapangaji wanamwamkia wakiwa wamesimama. Alikaa kwenye ncha ya kiti changu kama anayeogopa kitampaka kitu. Nilipomwekea sahani akasema ameshiba, akaifunika kwa kitambaa, akanywa maji aliyokuja nayo kwenye chupa. Watu wake walipomwona hali, nao wakashiba wote. Kuku wale waliliwa na watoto wa majirani.

Nilimsindikiza mpaka barabarani nikicheka naye, na tangu siku hiyo nikawa namtafutia siku yake.

Siku hiyo ililetwa na ugonjwa wa sukari. Ulinipata mimi kwanza, halafu ukampata yeye. Kijana wangu na mke wake wanaishi Olympic, na huyo binti, kwa kuwa hawezi kukimbia Kibera na Kawangware kila mara, alituandikisha sote wawili kliniki moja karibu na kwake. Hivyo nikajikuta kwenye benchi moja na mkwe wangu, kila mmoja na kadi yake mkononi. Mimi namwita shosho, kwa vile ni nyanya ya mjukuu wetu kwa Kikuyu chao. Yeye ananiita kukhu, maana yake ileile kwa Kiluhya chetu. Ukitusikia ungedhani tunapendana.

Siku moja nesi alituambia wagonjwa wote tuchague mwenzi. Si rafiki, alisema. Mtu wa kukuuliza kila wiki kama ulifanya ulichosema utafanya, na wewe umuulize. Akasema tusichague mtu mwenye huruma sana, kwa sababu mwenye huruma atakubali visingizio. Wengine wakaanza kuangaliana na majirani zao. Mimi nikainua mkono nikasema nimemchagua shosho.

Nilijua hawezi kukataa mbele ya watu. Shosho alikuwa na kidonda pembeni ya kidole kidogo cha mguu wa kulia, na nesi alikuwa amemwambia wazi kwamba sukari isiposhuka kidonda hakitapona, na kisipopona kidole kitakatwa, na huenda kisiwe kidole peke yake. Mimi nilitaka kumsikia kila wiki akisema kwa mdomo wake kwamba ameshindwa. Kukatwa sikumtakia. Mtu aliyekatwa mguu huhurumiwa, na mimi nilimtaka mzima, mwenye miguu yote miwili, ndiyo nimuulize bila mtu kuninyamazisha.

Siku tuliipanga palepale. Jumapili ni kanisa. Jumamosi ni mazishi na harusi. Jumatatu shosho anashughulika na mafundi wake wa ploti, na mimi asubuhi zote niko kwenye kibanda changu cha mboga. Tukaafikiana Jumatano saa nane, wateja wangu wa jioni wakiwa hawajaanza kutoka kazini. Asiyeweza kuja apige simu kabla ya siku yenyewe, na maswali yaulizwe kwa simu, Jumatano hiyohiyo. Kusema tutaonana tu, hilo tulilikataa.

Swali lenyewe mwanzoni lilikuwa moja, na lilikuwa bovu. Nilimuuliza, umeendeleaje wiki hii? Akajibu, vizuri tu. Akaniuliza na mimi, nikajibu, tunashukuru Mungu. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulikuwa tumesema wiki moja kwangu, wiki moja kwake. Sasa mkwe akiingia kwako utamwambia nini, kwamba hakuna chai? Zamu yangu ilipofika nilipika chapati, na safari hii alikula. Hakuwa na njia, maana tulikuwa wawili tu na macho yangu yalikuwa kwenye sahani yake. Zamu yake ilipofika akanilipiza kwa mukimo wa viazi na mahindi, na nyama ya mbuzi, na chai ya maziwa yenye sukari ambayo kijiko kingesimama ndani. Nami singeweza kukataa, maana ningekataa angekuwa amenishinda. Wiki nne tulilishana hivyo kwa chuki, na tulipopimwa nesi akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nyinyi mnaulizana au mnauana?" akasema.

Akatuketisha na kutufundisha upya. Akasema tukutane mahali ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Tukachagua benchi la nje ya kliniki, kila mtu na maji yake. Akasema kila mmoja awe na jambo moja tu la wiki, dogo, lenye saa yake na mahali pake. Kusema nitajitunza hakuna maana, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kama umejitunza. Jambo langu likawa dawa ya jioni, ambayo nilikuwa naisahau nikirudi nimechoka. La shosho likawa kuvaa viatu vya kufunika miguu kila anapotoka nje, kwa vile alipenda ndala na ndala ndizo zilizomletea kidonda.

Maswali tukayatunga sisi wenyewe, na tuliyatunga kama watu wanaonoa panga. La kwanza: ulichosema utafanya, ulikifanya? Ndiyo au hapana kwanza, hadithi baadaye. Hilo nililileta mimi, kwa sababu shosho ana hadithi nyingi. La pili alileta yeye: siku gani ulishindwa, na kabla tu ya kushindwa kulikuwa na nini? La tatu: wiki hii utafanya nini, saa ngapi, wapi? Shosho alitaka yaandikwe. Mimi nikasema ya kuandika tumwachie mwenye shule, mimi nayahesabu kwa vidole na sitasahau hata moja.

La nne lilikuwa la nesi, na sote tulilikataa: unataka nikusaidie nini? Nilimwambia nesi huyu mama ana watoto, ana wapangaji, hana haja na mimi. Shosho naye akasema kukhu ana majukumu mengi, asisumbuliwe. Nesi akasema bila hilo basi tutafute wenzi wengine. Tukaliweka mwishoni, na kila Jumatano tukawa tunalijibu kwa neno moja, hakuna.

Na kulikuwa na sheria ya mwisho, kwamba anayeuliza afunge mdomo mpaka mwenzake amalize, na asitoe mawaidha asipoombwa. Hiyo ilinitesa kuliko dawa.

Lakini maswali yenyewe nilikuwa nayangoja kama mtoto anayengoja sikukuu. Shosho alishindwa wiki ya kwanza, akashindwa ya pili. Hapana, kukhu. Hapana tena, kukhu. Alipoulizwa kabla ya kushindwa kulikuwa na nini, alisema ni mpangaji aligonga mlango naye akavaa kilichokuwa karibu. Wiki iliyofuata pia ni mpangaji aligonga. Alipojisikia akisema jambo lilelile mara mbili akasema ndala atazitoa mlangoni aziweke juu ya kabati, na viatu vikae mahali pake. Sikumshauri mimi. Jumatano iliyofuata akasema ndiyo. Nilimuuliza kwa ukali kama ni kweli, akarudia ndiyo. Moyo wangu ulishuka, nakuambia. Mtu niliyekuja kumwona akishindwa alikuwa anaanza kushinda mbele yangu.

Kisha ikafika Jumatano moja ambapo alijibu matatu ya kwanza vizuri, ndiyo, na hakuna siku aliyoshindwa, na utaratibu wa wiki, nami nikauliza la nne haraka nikiwa nimeshaanza kufunga leso yangu niondoke. Hakusema hakuna.

"Niangalie chini ya mguu," akasema. "Siwezi kuinama nikaona, na watoto sitaki wajue."

Mkwe hamwonyeshi mkwe nyayo zake. Kwao ni vibaya na kwetu ni vibaya zaidi. Alivua kiatu, akavua soksi, nikauweka mguu wake juu ya mapaja yangu, mguu wa mtu aliyefunika sahani yangu. Kama nilikuwa natafuta siku yangu, ndiyo hiyo. Nilitaka kumwambia habari ya kuku wale. Nilikuwa na maneno tayari, niliyoyalea miaka.

Pembeni, kidonda kile cha zamani kilikuwa kimekauka. Lakini chini, karibu na kisigino, mahali ambapo hakuwa anaona wala kuhisi, maana sukari hutia nyayo ganzi, palikuwa na malengelenge yaliyopasuka na kuanza kubadilika rangi na kunuka kidogo. Viatu vya kufunika vilikuwa vimemchubua. Ndivyo vilevile tulivyokuwa tunaulizana kama amevivaa.

Maneno yangu nikayameza. Nikamwambia asivae kiatu, akae hapohapo, nikaingia ndani nikamvuta nesi kwa mkono watu wa foleni wakilalamika. Aliusafisha, akampa dawa, akasema ingekuwa wiki moja zaidi angekuwa anampeleka hospitali kubwa kuzungumza habari ya kukata. Shosho akatafutiwa viatu vipana. Tangu hapo jibu lake la nne likawa lilelile, na kila Jumatano nikawa naushika ule mguu na kuugeuza kwenye mwanga kama ninavyochagua nyanya. Sikumhurumia hata mara moja. Alisema nina mikono migumu. Nikamwambia angeleta mguu laini.

Ulipona. Baada ya miezi mitatu tulipimwa tena sote. Sukari ya shosho ilikuwa imeshuka vizuri. Yangu ilikuwa juu kuliko yake.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi letu. Zamu ya kuanza kuuliza ilikuwa yake. Akauliza la kwanza, nikajibu ndiyo, dawa ya jioni sijaikosa, na ni kweli. Akauliza la pili, hakuna siku niliyoshindwa. Akaruka la tatu, akauliza la nne, nikasema hakuna. Hapo akainua kidole gumba, kile ambacho katika hesabu yetu ya vidole kilikuwa hakina swali.

"Sasa naongeza moja," akasema. "Kitu gani unafanya ambacho sijakuuliza?"

Nilimwambia hatukukubaliana. Akasema nesi alisema baada ya miezi mitatu tuyapitie maswali, na yeye ameyapitia. Alikuwa na haki. Akafunga mdomo, kama sheria inavyosema, akakaa ananingoja. Watu wakapita.

Nikamwambia. Jumatano zile mbili alizosema hapana, nikitoka hapa nilikuwa napita kwa mama wa mandazi, naagiza matatu na chai ya sukari, nakaa nakula taratibu kwa furaha. Halafu alipoanza kusema ndiyo, nikawa napita palepale nakula kwa hasira. Sasa sijui kupita bila kuingia.

Shosho alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mkwe, na la tatu alikuwa bado hajaliuliza.

"Haya, kukhu," akasema akijifuta macho. "Wiki hii utafanya nini, saa ngapi, wapi?"

Nikasema leo, nikitoka hapa, nitapita njia ya upande wa pili. Akavaa viatu vyake vipana, akafunga kamba, akasema atanisindikiza aone.