Triko ya Mama Mukwe

Miaka ile ambayo mshahara wa kiwanda ulikuwa umegeuka hadithi ya kuwalaza watoto, mwanamume mwenye unga wa mahindi alikuwa mzuri wa sura. Hakuna aliyeuliza masikio yake yamekaaje. Mchumba wa yaya, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa akichukua mahindi Kapolowe na kuyauza Likasi, na kila alipotutembelea alitanguliza mfuko mlangoni, kisha ndipo akabisha hodi. Baba, ambaye bado aliamka alfajiri na kuvaa viatu vya kazi kwenda kwenye kazi isiyomlipa, alimwita "mwanangu" kabla mahari haijatajwa. Mama alimwita "ule mutoto wa adabu". Mimi nilimwita Bwana Unga, ila kwa sauti ya chini, maana na mimi nilikuwa nakula.

Yaya alimpenda kweli, na wala si kwa ajili ya unga. Alikuwa amefikia ule umri ambao majirani wanaanza kukuombea bila kuombwa, na alipokuwa na yule kijana alicheka kama zamani. Kwa hiyo kilichokuwa hatarini hakikuwa chakula chetu. Ilikuwa ni furaha yake, na mwenye funguo zake alikuwa mama wa kijana.

Mama huyo alikuwa mjane wa karani mkubwa. Kuku wake aliwafukuza kwa Kifaransa. Msimu wa baridi ulipoingia, alijitokeza na triko yake ya manyoya ya kondoo, rangi ya maziwa, iliyotoka Ubelgiji, akatembea nayo taratibu mpaka misa ya kwanza ili hata wenye usingizi waione. Watu wengine huita sweta. Kwake yeye ilikuwa cheo.

Mtaani kwetu wamama walikuwa na desturi. Kabla familia hazijakaa kuzungumza mahari, mama wa mvulana humpelekea msichana kitu cha kufua. Hakuna anayesema ni mtihani, na hakuna asiyejua. Wengine hupeleka shuka, wengine kitenge cha kazi. Mama mukwe wetu mtarajiwa alituma triko.

Bwana Unga aliileta mwenyewe, imefungwa ndani ya kitenge, akaiweka mezani kana kwamba ni mtoto mwenye homa.

"Mama anasema uifule muzuri," alimwambia yaya. "Anasema uichemushe sana, sababu iko na madoa ya chakula." Alisema hayo akiutazama mlango, akakataa hata chai, akaondoka.

Tukaifungua. Kifuani palikuwa na doa la mawese ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kubwa kuliko kifuniko cha kopo, na kwenye mkono wa kulia yai lilikuwa limekauka likawa gamba. Inaonekana katika nyumba ile ya heshima walikula kwa kutumia kifua. Sote tulijua la kutarajia: ikirudi imeharibika, hakuna ndoa. Wasingesema ni kwa sababu ya triko, la. Wangesema binti wa watu hana mikono.

Shangazi, dada ya baba, alikuwa ameshatia makaa kwenye mbabula, jiko letu. Alisali katika kanisa la uwanja wa jirani, lile lenye ngoma na kelele, na kwake kila jambo lilikuwa na dawa mbili: maombi na maji ya moto. "Leta sufuria," alisema. "Tunaweka majivu, tunaweka sabuni ya kipande, inachemuka mupaka shetani ya mafuta inatoka."

Huyu shangazi ndiye aliyewahi kuichemsha triko ya mume wake. Ilitoka kwenye sufuria ngumu kama kofia, imemtosha mtoto wa kunyonya. Alipopata mimba mwaka uliofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu alikuwa ameandaa nguo mapema. Watu walipiga vigelegele. Mume alipitisha baridi yote kwa kukunja mikono.

"Dada, ondoa ile sufuria," mama alisema. Mama alikuwa amejifunza kufuma zamani, kwenye yale madarasa ambamo wake wa wafanyakazi walifundishwa kushona na kupika keki. Keki zilikufa pamoja na siagi, ufumaji ulibaki. "Ile iko manyoya. Ukiitia moto na ukiisugua, inashikana yote, sawa nywele ya muntu asiyechana. Na ikishashikana, hakuna kitana."

"Lakini mwenyewe alisema ichemushwe," shangazi alisema. "Utakatala neno ya mama mukwe?"

Yaya ndiye aliyejibu. "Atavaa triko, hatavaa neno yake."

Kwanza akaitandaza juu ya mfuko wa unga uliopasuliwa, akachora umbo lake kwa kaa lililozimika, mabega, mikono, pindo. Kisha akaanza na yai. Alilidondoshea maji baridi, baridi tu, kwa sababu yai likikutana na maji ya moto linaivia palepale kwenye uzi. Gamba likalainika, akaliinua polepole kwa mgongo wa kijiko, akaligusagusa kwa kitambaa chenye maji mpaka kikaacha kutoka na rangi. Hakusugua hata mara moja. Shangazi aliyekuwa pembeni alisugua hewa kwa niaba yake.

Mawese yalitaka subira zaidi. Baridi ilikuwa imeyagandisha, basi akakwangua yaliyokuwa juu. Halafu akachukua unga laini kabisa wa Kapolowe, akalifunika doa lote.

Hapo baba alishindwa kunyamaza. Alikuwa mtu mpole, lakini alikuwa hajala bukari, yaani ugali. "Miye ninaona vibaya, ao triko inakula bukari mbele yangu?"

"Inanyonya mafuta, baba. Iache ishibe."

Iliachwa ikashiba mpaka kesho yake. Unga ulipopanguswa ulikuwa wa rangi ya chungwa, na shangazi akaukusanya akauchungulia kwa huzuni ya kweli. Yaya akarudia kwa unga mpya. Kilichobaki alikishughulikia kwa upande wa ndani: kitambaa cheupe chini ya doa, sabuni ya kuogeshea watoto iliyoyeyushwa kwenye maji, na kugusagusa kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili doa lisitanuke. Lakini hata sabuni yenyewe aliijaribu kwanza kwenye mshono wa ndani, kuona kama haitaacha alama. Ikabaki kivuli cha njano. Akarudia tena. Shangazi aliweka mkono juu ya kivuli hicho akakikemea kwa jina la Yesu, na kilipotoka kwa sabuni alijua wazi nani anastahili sifa.

Ndipo ikaja zamu ya kufua. Mwezi wa sita Likasi maji ya asubuhi yanauma mifupa, na bomba letu lilikuwa limekauka, tulichota kisimani. Mabeseni yote, la kufulia na ya kusuuzia, aliyaweka juani pamoja, mpaka maji yawe ya uvuguvugu mmoja. Aliyapima kwa kiwiko. Mama alikuwa amemwonya kwamba manyoya yakitoka kwenye vuguvugu yakaingia kwenye baridi yanashtuka na kujikunja, kosa lile lile la sufuria kwa njia nyingine. Akaigeuza triko ndani nje, akaizamisha, akaibonyeza kwa viganja, juu chini, juu chini, bila kukunja wala kupiga. Ukimtazama ungedhani anamkanda mgonjwa. Alipoitoa aliibeba kwa mikono miwili kutoka chini, maana manyoya yaliyojaa maji yakining'inia yanarefuka, na mama mukwe angepata kanzu.

Akaisuuza mpaka maji yakawa safi, akaiviringisha ndani ya taulo, akaikandamiza taratibu kwa magoti. Shangazi alikuwa ameshafunga kamba juu ya mbabula. Mama aliifungua ile kamba. Triko ikalazwa kivulini, mezani, juu ya ule mchoro wa kaa uliofunikwa kitambaa, ikavutwavutwa kidogo hapa na pale mpaka ikalingana na mstari. Na kwa kuwa tulikuwa na meza moja, tulikula chini sakafuni mpaka ilipokauka. Baba alisema mgeni huyu ana makao mazuri kuliko yake.

Siku ya wao kuja ilikuwa Jumapili baada ya misa. Mama mukwe alikaa kwenye kiti chetu kizima, Bwana Unga kando yake. Tulikuwa tumeweka maji ya chai jikoni. Yaya alipiga goti, akatoa triko kwa mikono miwili.

Yule mama aliikagua kama askari wa mpakani anavyokagua mzigo. Kifuani, mkononi, kwapani. Akaivuta, akainusa, akaiweka juu ya mwili wake. Ilimkaa sawasawa. Nikaona uso wake ukianguka, na hapo nilishangaa, kwa sababu mtu aliyerudishiwa nguo yake safi hununa kwa nini?

"Haukuichemusha," alisema mwishowe.

"Hapana, Mama."

"Nilisemaka ichemushwe. Donc haukusikia. Mubibi asiyesikia, anajenga nini?" Akamgeukia baba. "Triko iko muzuri, sikatae. Lakini mutoto wenu iko na kichwa nguvu."

Yaya akainuka, mtulivu kabisa.

"Mama iko na haki," alisema. "Tuichemushe sasa. Maji iko tayari kwa moto." Akanyoosha mkono kuichukua.

Yule mama akaikumbatia triko kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma na kiti chake. "Acha. Acha, utaiharibu!"

Hata shangazi, ambaye huchelewa kuelewa, alielewa, akaanza kucheka ndani ya kitenge. Mama mukwe alikuwa anajua siku zote sufuria inafanya nini. Alikuwa ametuma amri ile ili yaya aitii na aangamie, hata kama triko ingekufa, ila si mbele ya macho yake.

Bwana Unga ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alipiga makofi. "Nilijua ataweza! Wale wa mbele wote walichemusha," alimwambia baba, kama anayesifia ng'ombe wake. "Huyu peke yake!"

"Wa mbele gani?" yaya aliuliza.

"Wale wachumba wa zamani. Mama aliwapimaka vile vile. Ile triko ya marehemu baba, na ile ingine ya bluu. Zilibakia ya watoto." Alikuwa bado anacheka.

"Kumbe ulijua. Siku ile uliniletea, ulijua."

"Lakini umeshinda, chérie," alimbembeleza kwa Kifaransa cha mama yake.

Nilimjua dada yangu. Machozi yalikuwa karibu, na aliyazuia kwa hasira. Kisha akaichukua triko mapajani mwa yule mama, ambaye safari hii hakuweza kumkatalia, akaikunja vizuri, mikono ndani, pindo juu ya pindo, akairudisha.

"Mama, triko yenu iko safi," alisema. "Na mutoto wenu pia ninamurudisha kwenu."

Shangazi akaacha kucheka. Bwana Unga akamgeukia mama yake, akasubiri aambiwe la kufanya.