Slipu Iliyolipa Kodi ya Jirani

Leseni ya duka langu la vitenge, pale Ujiji, ilibakiza wiki moja kuisha. Manispaa hawahuishi leseni bila cheti cha kuonyesha hudaiwi kodi, nami kwenye akaunti ya mlipakodi nilisomeka nadaiwa awamu nzima. Slipu ya benki nilikuwa nayo mkononi, ina muhuri.

Nilianzia benki. Karani aliangalia namba ya malipo kwenye slipu, akaitafuta, akaniambia fedha ilifika kwa watu wa kodi siku ileile. Alinichapishia uthibitisho, akaugonga muhuri, akanishauri niwaulize namba hiyo ni ya nani. Swali lilinishangaza. Ya nani tena, kama si yangu?

Kwenye ofisi ya kodi, afisa aliingiza ile namba, akanigeuzia kompyuta. Jina lililotokea lilikuwa la jirani yangu wa duka.

Hapo nikaelewa. Sisi wawili tunafanyiwa makadirio na kijana mmoja wa stationeri Buzebazeba, na anayekwenda kuchukua karatasi za namba za malipo humchukulia na mwenzake, zote bahasha moja. Tuko daraja moja la mauzo, kwa hiyo kiasi ni kilekile. Kwenye kaunta ya benki nilichomoa karatasi ya juu bila kusoma jina, na kwenye slipu muhuri ulilifunika.

Kila namba ya malipo hufungwa na mlipakodi mmoja na deni moja. Ukiilipa, inafuta deni la mwenye namba, fedha itoke mfukoni mwa yeyote. Afisa alisema mwenzangu anaweza kuandika barua ya kukubali malipo yahamishiwe kwangu, ila ingechukua siku. Au, kwa kuwa namba yangu haijalipwa na haijaisha muda, ailipe yeye.

Nilimkuta jirani dukani anakunja vitenge, uso unang'aa. Kabla sijakaa alinipasha habari: alikwenda kuulizia deni lake, akaambiwa hadaiwi.

"Kaka yangu wa Bujumbura huyo," akasema. "Miaka yote namsema bahili, kumbe ananilipia kodi kimyakimya. Nimemtumia samaki, migebuka mikavu, ndoo nzima."

Nikaweka slipu mbele yake. "Shoga, kaka yako ni mimi."

Alisoma, akanitazama, akacheka mpaka akakalia majora. Kilichomuuma ni migebuka. Lakini alifunga duka saa ileile, tukaenda wote benki na karatasi yangu. Safari hii karani alilisoma jina kwa sauti, nasi tukaitikia wawili kama darasani.

Kesho yake deni kwenye akaunti yangu ya kodi lilisoma sifuri, na siku mbili baadaye nilikuwa na cheti. Leseni mpya ipo ukutani. Bahasha sasa ni mbili, na kila mmoja ameandika jina lake kwa kalamu nene.

Kaka mtu naye alipiga simu kushukuru migebuka. Akauliza amekosea nini mpaka apendwe hivyo.