Mwajuma wa Mlangoni

Mwajuma alizaliwa Muyinga, na salamu alijifunzia kwa shangazi yake, aliyepika maharage na ndizi karibu na kituo cha mabasi. Pale salamu ilikuwa moja: unapaza sauti, "Karibuni, kaeni, chakula iko moto," mtu akae kabla jirani hajamvuta. Ukinong'ona, umelala njaa.

Alipohamia Gitega kupokea wageni kwa Zakaria, mwenye mkahawa wa meza kumi na nne, sauti ile ikawa taabu. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kuumia. Watu wawili, mume na mke au wanaotaka kuwa, unawasalimu chini chini, maneno machache, unawapa meza ya pembeni, na husemi "karibu tena" hata kama ulimwona bwana juzi. Familia unaipokea kwa uchangamfu, unamtazama mtoto kwanza, unawaweka mbali na njia ya masufuria ya moto, halafu unauliza mtoto akae kwa nani. Kundi kubwa unalihesabu likiwa bado mlangoni, unamtafuta kiongozi wao, unamsalimu yeye kwa sauti ya kusikika na wote, ndipo unaunga meza.

Lakini hesabu si macho. Wiki iliyopita walikuja watu kumi na wawili kutoka Giheta, akina mama wamejifunga mivutano yao mizuri, yale mavazi ya sherehe, Mwajuma akawapokea kwa vigelegele vya harusi. Kumbe walitoka kuzika. Wakageuka wote, wakaondoka. Zakaria akamwambia, "Kundi lingine likitoka bila kula, we utarudi Muyinga. Mi sitasema mara mbili." Na Mwajuma ana watoto watatu wanaosoma hapa Gitega.

Basi Jumapili, saa saba mchana, wakaingia watu tisa.

Mwajuma akahesabu. Wanne upande huu wa mlango, wanne upande ule, na katikati nafasi ya kupita ng'ombe. Kwenye nafasi ile msichana wa miaka minne hivi, amesimama peke yake. Kijana mmoja wa kulia na mwanamke mmoja wa kushoto walikuwa wakimtazama mtoto ili wasitazamane.

"Tulipatana tusikutane kwako wala kwangu," mzee wa kulia akasema. "Haya, tumefika. Ingia, Yakobo."

"Ingia we, Dominiko. Kijana wenu ndiye aliyemrudisha binti yetu nyumbani."

Hakuna aliyeingia.

Zakaria akasogea nyuma ya Mwajuma. "Uliza nani mkubwa wao," akamnong'oneza. "Na wale vijana wawili uwape meza ya dirishani, wapatane."

Mwajuma akayapima maneno yale. Akiuliza nani mkubwa, wakubwa walikuwa wawili, na atakayesalimiwa wa pili ataondoka na watu wake. Akiwatenga wale wawili kwa sauti ya wapenzi, mwanamke yule ambaye mkono wake ulikuwa umekaza mkoba atatoka mbio. Wakitoka, na yeye ametoka.

Hakumtii Zakaria, patron wake. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Karibu, mama. Unaitwa nani?"

Mtoto akaficha uso. Wazee wote wawili wakamtazama Mwajuma, na Zakaria akakohoa.

"Christina," bibi mmoja wa upande wa kushoto akasema, polepole.

"Karibu, Christina, wewe na watu wako wote. Meza yenu iko ndani, mbali na jiko." Na ulimi ukaanza wenyewe, kwa mazoea ya miaka: mtoto akae kwa…

Akaumeza. Swali hilo ndilo lililowaleta.

Akaunga meza tatu, akachukua kiti, akaweka juu yake kreti tupu ya soda na kitambaa, akakiweka kichwani mwa meza, mahali pa kiongozi. Akampandisha mtoto. Pande mbili zikabaki zimeelekeana, sawa kwa sawa, hakuna mzee aliye juu ya mwenzake.

Dominiko akakitazama kile kiti, akamtazama Yakobo.

"Basi leo tuna mwenyekiti."

"Mwenyekiti anayenyonya kidole," Yakobo akajibu, akavuta kiti chake. "Mi nimekaa chini ya wabaya kuliko huyu."

Wakakaa. Mama wa mtoto akakaa upande mmoja wa kreti, baba upande wa pili, kwa sababu kreti ilicheza na kila mmoja alitaka kuishika. Wakaagiza samaki na ugali. Mwajuma hakujua kama watapatana. Hiyo si kazi ya mhudumu.

"Mi nilikuambia nini?" Zakaria akamuuliza kwenye kaunta.

"Ulisema wasitoke."

Mlangoni wakatokea watu wawili, kijana na binti, wakisitasita. Zakaria, aliyekuwa karibu zaidi, akarudi hatua moja nyuma, akampisha mhudumu wake. Mwajuma akafuta mikono, akashusha sauti, akaenda.